Usidai Pengo Lote: Ligawe Kwanza, Kisha Dai Lililo Lako

Malalamiko kuhusu fedha za kigeni huja kwa maneno yanayofanana sana. "Niliandika ankara ya dola 800. Nilipiga hesabu nikajua napata laki moja na ishirini na kitu. Simu imelia, naona chini ya laki. Pesa zangu zimeliwa." Anayeandika hivyo anaweza kuwa Njoro ananukuu sauti za mikutano kwa kampuni ya Ulaya, au yuko Naivasha anachora nembo za maduka ya ng'ambo, au ana gari la kupeleka wageni Ziwa Nakuru na anawatoza kwa dola. Hasira yake ni ya haki. Tatizo ni kwamba lalamiko lenyewe, likiandikwa hivyo, hufa siku hiyohiyo.

Linakufa kwa sababu limedai kitu kimoja kikubwa ambacho kwa kweli ni vitu vitatu. Anayejibu kwa upande wa kampuni anachukua kile kidogo kisichomhusu, anakieleza kwa upole, na kwa maelezo hayo anafunga faili lote. "Kiwango cha dola hubadilika kila siku, ndugu mteja. Asante kwa kuwasiliana nasi." Basi. Na ndani ya faili hilo lililofungwa kulikuwa na pesa ambazo zilistahili kurudi.

Msimamo wangu ni huu: usidai pengo lote. Ligawe vipande, ujue kila kipande ni cha nani, kisha upeleke kila dai kwa mwenyewe. Utadai kidogo zaidi, lakini kile kidogo ni vigumu kukataliwa. Na kampuni za malipo nazo, hii yetu ikiwemo, hazina budi kumpa mteja tarakimu za kumwezesha kuligawa pengo hilo. Bila tarakimu hizo, mteja amebaki kubahatisha.

Hesabu ya mfano mmoja

Tutumie mfano wa hesabu, wenye tarakimu za mviringo ili ufuatike kwa kalamu. Nimeuweka mwanzoni mwa 2024 kwa sababu ndio wakati ambapo Wakenya wengi wanaolipwa kwa dola walihisi wameibiwa.

Mnukuzi wa Nakuru anaandika ankara ya dola 800 mwishoni mwa Januari 2024. Wakati huo dola ilikuwa imepita shilingi 160. Anazidisha, anapata shilingi 128,000, na anaanza kuzipangia kazi. Mlipaji wake yuko Ujerumani na analipa mwishoni mwa Machi. Kufikia hapo dola imeshuka hadi karibu shilingi 132. Pesa zinapita kwenye benki ya njiani, zinafika kwa kampuni ya malipo huku Kenya, zinabadilishwa kuwa shilingi, kisha zinaingia kwenye simu. Ujumbe unasema amepokea shilingi 99,840.

Pengo ni shilingi 28,160. Hizo ndizo anazotaka kudai, na hapo ndipo namwomba asimame kidogo.

Akifuatilia karatasi zake anagundua mambo mawili ambayo ujumbe wa simu haukumwambia. La kwanza, dola zilizofika hazikuwa 800 bali 780. La pili, hizo 780 zilibadilishwa kwa shilingi 128 kila dola, si 132. Zidisha 780 kwa 128 utapata 99,840 kamili, kwa hiyo hakuna kingine kilichojificha. Sasa pengo linagawanyika hivi.

Kiwango kuhama kutoka 160 hadi 132, yaani shilingi 28 mara dola 800: shilingi 22,400.

Dola 20 zilizokatwa njiani, kwa kiwango cha 132: shilingi 2,640.

Tofauti ya kiwango cha soko na kiwango alichopewa, yaani shilingi 4 mara dola 780: shilingi 3,120.

Jumlisha utapata 28,160. Kila shilingi ina mahali pake. Hesabu yako ikikataa kufika kwenye jumla, kuna kato ambalo hujaliona bado, na usiandike lalamiko mpaka ulipate.

Kipande kikubwa hakina mdaiwa

Shilingi 22,400 ndizo zinazouma zaidi, na ndizo ambazo hutazipata kwa mtu yeyote. Hakuna aliyezichukua. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hati mpya ya Yuroboni ili kununua sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikomae Juni mwaka huo. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikapungua, waliokuwa wameficha dola wakaanza kuziuza, na shilingi ikapata nguvu kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka mingi. Mwenye gari aliyekuwa akingoja spea kutoka nje alishangilia. Mnukuzi wa Njoro na mkulima wa maua wa Naivasha walipata hasara kwa jambo lilelile.

Kuna wanaosema, "Lakini ankara ni ya Januari, kwa hiyo nilipwe kwa kiwango cha Januari." Haiendi hivyo. Ukiandika ankara kwa dola, umekubali kulipwa dola 800. Hujaahidiwa shilingi 128,000 popote. Hesabu ya shilingi ulijifanyia mwenyewe pembeni. Ndiyo maana hakuna aliyemrudishia mlipaji chochote mambo yalipokwenda upande wa pili. Ankara ya Julai 2023, dola ikiwa karibu 142, ikalipwa Januari 2024 dola ikiwa imepita 160, ilimletea mwenyewe nyongeza nzuri bila jasho. Hatukusikia lalamiko hata moja kuhusu nyongeza hiyo, na ni sawa. Lakini ukipokea ya kupanda, ya kushuka nayo ni yako.

Kuna hali moja tu ambapo sehemu ya kipande hiki inapata mdaiwa: pesa zikiwa zimefika kisha zikakaliwa. Kwenye karatasi za benki kuna tarehe ya thamani, siku ambayo pesa zinahesabiwa kuwa zimefika kwa mpokeaji. Kama tarehe hiyo ni Jumatatu na wewe umebadilishiwa Ijumaa, bila kuombwa hati yoyote na bila sikukuu katikati, basi mshuko wa kati ya siku hizo mbili una swali la kujibiwa. Katikati ya Februari 2024 siku chache zilitosha kuhamisha kiwango kwa shilingi kadhaa, kwa hiyo swali hilo lilikuwa na uzito. Katika mfano wetu hakuna ucheleweshaji. Kwa hiyo mnukuzi anafuta 22,400 kwenye dai lake. Najua inauma. Lakini akiziacha humo, ndizo zitakazotumiwa kumnyamazisha.

Dola 20 za njiani ni za kuzungumza na mlipaji

Watu wengi huleta suala hili kwa kampuni iliyowapa shilingi. Kampuni hiyo ilipokea 780 na ikabadilisha 780, kwa hiyo haina 20 za kukurudishia. Zimebaki njiani, na aliyeamua zibaki njiani ni mlipaji wako, pengine bila kujua.

Mtu anapotuma pesa nje ya nchi kupitia benki, huulizwa nani atabeba ada. Majibu ni matatu. `OUR` maana yake mtumaji anabeba zote na mpokeaji apate kiasi kamili. `SHA` maana yake mtumaji analipa ada za benki yake tu, na zinazotokea baada ya hapo zinakatwa kwenye pesa zenyewe. `BEN` maana yake zote zinakatwa kwa mpokeaji. Wengi huacha `SHA` kwa sababu ndiyo iliyotangulia kuwekwa kwenye fomu.

Ushahidi uko kwenye ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo. Mwaka 2024 ulikuwa ukiitwa MT103, na mistari inayotuhusu ilisomeka hivi:

```
:32A:240327USD780,
:33B:USD800,
:71A:SHA
:71F:USD20,
```

Isome polepole, haina uchawi. `33B` ni kiasi alichoagiza mlipaji. `32A` ni tarehe ya thamani, hapa 27 Machi 2024, ikifuatwa na kiasi kilichopitishwa kati ya benki. `71A` ni nani anabeba ada. `71F` ni kato lililofanywa. 800 ukitoa 20 ni 780, na hadithi imeisha. Tangu Novemba 2025 benki zimehamia aina mpya ya ujumbe, pacs.008, ambamo utaona `InstdAmt` mahali pa kiasi kilichoagizwa, `IntrBkSttlmAmt` mahali pa kilichopitishwa, na `ChrgBr` mahali pa mbeba ada. Humo `DEBT` ndiyo OUR ya zamani, `SHAR` ndiyo SHA, na `CRED` ndiyo BEN.

Tahadhari moja. Mlipaji akikutumia nakala kutoka benki yake, itaonyesha kilichoondoka, na huenda ikasoma 800 kamili kwa sababu kato lilifanywa na benki ya pili. Atakuambia, "Mimi nililipa zote," naye hasemi uongo. Ndiyo maana unahitaji pia upande wa kupokea, ambao unaombwa kwa kampuni au benki iliyozipokea huku. Njia rahisi ya kuunganisha pande hizo mbili ni namba iitwayo `UETR`, yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake. Ni ileile kuanzia Ujerumani mpaka Nakuru, na benki ikiitumia kufuatilia inaweza kuona kila iliyopitia imekata kiasi gani. Mwombe mlipaji namba hiyo kabla ya kubishana naye.

Ukiwa kwenye karatasi hiyo, tazama jambo jingine: sarafu. Ikiwa `33B` inaonyesha EUR na `32A` inaonyesha USD, pesa zimebadilishwa mara mbili, yuro kwenda dola huko, kisha dola kwenda shilingi huku, na kila mara kuna aliyechukua chake. Pale mwenye kosa si yeyote wa Kenya. Mlipaji aliagiza yuro badala ya dola 800 zilizoandikwa kwenye ankara, na kupungua kwake kunamhusu yeye.

Je, mlipaji analazimika kulipa hizo 20? Inategemea ankara ilisema nini. Kama ilisema kiasi kifike kamili na ada zote ni za mlipaji, hoja yako imekamilika: anadaiwa dola 20, na unaziandika kama salio kwenye ankara inayofuata, ukiambatanisha karatasi. Kama ankara haikusema lolote, huna dai la nguvu, una ombi la kiungwana. Walipaji wengi wa kudumu hukubali wakionyeshwa mstari wa `71A`, kwa sababu ni wazi kwamba hukupokea walichokusudia kukulipa. Lakini usimtishe mtu kwa jambo ambalo hukuliandika.

Shilingi nne za kila dola

Sasa tumefika kwa kampuni iliyobadilisha. Soko lilikuwa 132, mnukuzi akapewa 128. Je, shilingi 3,120 zote ni za kudai?

Hapa nitasema jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia. Kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu kila siku ya kazi ni wastani wa kuelekeza. Hakimlazimishi mtu kununua dola yako kwa bei hiyo. Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni katika miaka ya 1990, na tangu hapo bei ya dola ni ya wauzaji na wanunuzi. Vilevile, tarakimu unayoiona ukitafuta kwenye mtandao ni bei ya katikati ya soko la benki kwa benki, ambayo wewe na mimi hatuuziwi. Ukiandika "Gugo inasema 132", umemwambia mhudumu kwamba hujui ulibishana na nini, naye atakujibu kwa haki kabisa kwamba kampuni haijaahidi kutumia kiwango cha Gugo.

Pengo kati ya bei ya soko na bei uliyopewa ni bei ya huduma. Hata kampuni inayoandika kwa herufi kubwa "hatutozi ada" inakula hapo. Katika mfano wetu ni shilingi 4 kwa 132, yaani asilimia 3 hivi. Unaweza kuiona ni ghali, ukahama, na mara nyingi kuhama ni uamuzi mzuri. Lakini bei ghali haiwi kosa kwa sababu tu ni ghali.

Inakuwa kosa pale kampuni ilipoonyesha bei moja ikatumia nyingine. Tuseme mnukuzi wetu alikuwa na busara ya kupiga picha ya skrini saa pesa zilipoingia, na apu ya kampuni ilionyesha 129.50. Masharti ya kampuni yenyewe yanasema kiwango kitakachotumika ni kile kinachoonekana kwenye apu saa ya kuingiza pesa. Akapewa 128. Hapo kuna shilingi 1.50 kwa kila dola ambazo kampuni iliahidi na haikutoa. Mara 780, ni shilingi 1,170. Hizo ni zake, na hakuna maelezo ya "kiwango hubadilika" yanayoweza kuzifuta. Zilizobaki, 1,950, ni bei ya huduma.

Mipaka ya hoja hii nayo ijulikane. Skrini nyingine huonyesha kiwango cha makadirio, na maneno hayo huwa yameandikwa hapo chini kwa maandishi madogo. Picha ya makadirio ni ushahidi hafifu. Nyingine hufunga kiwango kwa dakika kadhaa huku saa ikihesabu. Picha ya hiyo ni ushahidi mzito. Picha isiyoonyesha saa na tarehe haina uzito mkubwa wa aina yoyote. Na pesa zikiingia Jumamosi usiku, soko limefungwa, kampuni nyingi hutumia kiwango cha Ijumaa zikipunguza kidogo ili kujikinga na Jumatatu. Kama masharti yanalisema hilo, imekwisha. Kama hayalisemi, uliza.

Kwa anayepokea moja kwa moja kwenye simu kuna ugumu zaidi. Mkoba wa simu wa Kenya huhifadhi shilingi, kwa hiyo kubadilisha hufanyika kabla pesa hazijafika humo, na mara nyingi mbadilishaji ni kampuni mshirika, si yule unayemjua kwa jina la kwenye laini. Ukimpigia mwenye laini atakuambia alipokea shilingi 99,840 na akakupa 99,840. Ni kweli. Swali la kwanza basi liwe: "Nani alibadilisha?" Jibu la hilo ndilo anwani ya dai lako.

Jinsi ya kuliandika

Kutoka pengo la 28,160 mnukuzi amebaki na madai mawili: dola 20 kwa mlipaji, na shilingi 1,170 kwa mbadilishaji. Jumla kama 3,810. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini ikiwa analipwa kila mwezi, kosa lilelile likirudi mara 12 linazidi elfu 45.

Dai kwa mbadilishaji liwe fupi na lianze kwa tarakimu, hivi:

*"Nadai shilingi 1,170 kwa muamala namba … wa tarehe 27 Machi 2024, saa 5:40 asubuhi. Mlipokea dola 780 kwa niaba yangu. Kiwango kwenye apu yenu saa hiyo kilikuwa 129.50, picha imeambatanishwa. Kiwango mlichotumia ni 128. Tofauti ni 1.50 mara 780. Silalamikii kushuka kwa dola wala makato ya benki ya njiani. Naomba mrekebishe, au mnieleze kwa maandishi kiwango mlichotumia, saa kilipochukuliwa, na sharti linaloruhusu kiwe tofauti na kilichoonyeshwa."*

Sentensi ya "silalamikii" ndiyo yenye kazi kubwa. Inafunga ule mlango ambao majibu ya jumla hupitia. Na ile ya mwisho inamwachia mhudumu njia mbili tu: kulipa au kueleza kwa tarakimu. Itume kwa barua pepe au ndani ya apu, si kwa simu peke yake, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Tuma mapema, siku hiyo au kesho yake, kwa sababu masharti mengi huweka kikomo cha siku za kupinga muamala.

Ukijibiwa ovyo, una pa kwenda. Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma aliyonunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mtu kuhusu bei. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ya 2011, pamoja na kanuni zake za 2014, imeziweka kampuni za malipo chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na inazitaka zitangaze ada zao na ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Benki Kuu hupokea malalamiko, lakini itakuuliza kwanza kama ulimpa mtoa huduma nafasi ya kulimaliza. Hapo ndipo ile namba ya kumbukumbu inapokuwa na thamani. Kumbuka pia mpaka wake: Benki Kuu ya Kenya haina mkono juu ya benki ya njiani iliyoko Frankfurt au Nyu Yoki.

Na sisi tunaotoa huduma

Nimewaambia wateja mengi, basi haki ni kuligeuzia kidole upande wetu. Kwa nini mnukuzi atafute picha za skrini na namba za tarakimu 36 ili ajue pesa zake zilikwenda wapi? Kampuni iliyobadilisha inajua tayari. Inajua ilipokea 780, inajua ilitumia 128, inajua ilikuwa saa ngapi. Inachagua kumtumia ujumbe unaosema tu, "Umepokea Ksh 99,840."

Nimesikia hoja kwamba ujumbe wa simu ni mfupi na wateja hawataki tarakimu nyingi. Siikubali. "Dola 780 x 128.00, saa 5:40" inaingia kwenye ujumbe mfupi na nafasi inabaki. Hoja ya pili ni kwamba masharti yote yako kwenye apu na mteja aliyakubali. Ni kweli aliyakubali, ila bei ya kila muamala haimo kwenye masharti. Ipo kwenye muamala. Muuza viazi wa Molo akikupimia gunia hakuambii usome masharti. Anakuonyesha mizani.

Ningependa kila kampuni inayobadilisha fedha za kigeni iandike kwenye ujumbe wake vitu vitatu: kiasi cha sarafu ya kigeni kilichofika, kiwango kilichotumika, na saa kilipochukuliwa. Sehemu kubwa ya malalamiko ingeisha yenyewe, kwa sababu mtu angeona papo hapo kwamba dola 20 zilipotea kabla hazijafika hapa. Na yale yanayobaki yangekuwa ya kweli, ya kulipwa.

Mpaka siku hiyo ifike, kinga iko kwenye ankara yenyewe. Andika sarafu, na andika kwamba hiyo ndiyo sarafu ya kutuma. Andika kwamba kiasi kifike kamili na ada zote za kutuma ni za mlipaji, `OUR`. Weka siku ya kulipa iliyo karibu, kwa sababu kila wiki unayongoja ni wiki ya kucheza na kiwango. Kama bajeti yako haiwezi kabisa kubeba mshuko, toza kwa shilingi na umwachie mlipaji dola zake, au fungua akaunti ya dola, ambayo Mkenya anaruhusiwa kuwa nayo, uamue mwenyewe siku ya kubadilisha. Na siku pesa zikiingia, kabla hujazitumia, gawanya shilingi ulizopokea kwa dola ulizotoza. Mnukuzi wetu akigawanya 99,840 kwa 800 anapata 124.80. Soko likiwa 132, hiyo 124.80 inamwambia palepale kwamba kuna zaidi ya jambo moja lililotokea njiani, na ni wakati wa kutafuta karatasi.